Sababu Ndiyo Inayobeba Mpango: Nilichojifunza Kuhusu Kuandika Mpango wa Huduma ya Uuguzi

Tangu nianze kusimamia wanafunzi wodini nimesahihisha mipango mingi ya huduma ya uuguzi, na siku hizi siisomi kuanzia juu kwenda chini. Naanzia katikati, pale mwanafunzi alipoandika tatizo la mgonjwa na sababu yake. Sababu ikiandikwa vizuri, malengo na hatua zinazofuata huwa na mwelekeo. Ikiandikwa ovyo, kinachofuata ni maneno ya kitabuni ambayo yangeweza kubandikwa kwenye faili la mgonjwa yeyote.

Mgonjwa aliyenionyesha jambo hili waziwazi kuliko wengine alikuwa mzee wa miaka 68, aliyelazwa siku iliyotangulia kwa nimonia ya upande wa kulia. Nimebadilisha mambo machache asitambulike, lakini yaliyomo ndiyo yaliyotokea.

Mwanafunzi niliyempangia mzee huyo alikuwa mwanzoni kabisa mwa mafunzo ya wodini. Aliniletea karatasi iliyosema: kushindwa kusafisha njia ya hewa kutokana na nimonia. Chini yake aliandika hatua tatu, yaani kumpa antibiotiki, kumpa oksijeni na kumfuatilia mgonjwa. Nikamuuliza, "Hiyo nimonia utaiondoaje wewe kama muuguzi?" Akasema atatoa dawa alizoandika daktari. "Ukishatoa dozi ya asubuhi, mpaka ifike saa ya dozi nyingine utamfanyia nini?" Akafikiri, kisha akasema, "Hapo ndipo nilipokwama, mwalimu." Tukaenda kitandani.

Taarifa alizokuwa nazo hazikuwa haba. Joto lilikuwa nyuzi 38.7, mapigo ya moyo 108 kwa dakika, upumuaji 28 kwa dakika, shinikizo la damu 112 kwa 70. Tulipomfikia mzee tulikuta mrija wa oksijeni umelala juu ya mto, na kipimo cha kidoleni kikasoma asilimia 89. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka chooni. Tukamrudishia mrija puani kwa lita 2 kwa dakika kama daktari alivyoagiza, tukasubiri, namba ikapanda hadi 94. Mwanafunzi akaenda kumwarifu muuguzi kiongozi wa zamu kabla ya kuandika neno lolote. Utaratibu huo nausisitiza kwa kila anayeanza: ukikuta oksijeni chini ya 90, au mtu anahema kupita kiasi, au ameanza kuchanganyikiwa ghafla, kwanza unatenda na kuripoti. Karatasi itasubiri.

Namba hizo zilieleza kwamba mzee anaumwa. Hazikueleza kwa nini makohozi hayatoki, na hilo halipatikani kwa kusoma faili peke yake. Mwanafunzi akaketi karibu naye.

"Shikamoo mzee. Ukikohoa, makohozi yanatoka?"

"Marahaba binti yangu. Yapo, nayasikia yamekaa hapa. Lakini nikikohoa ubavu huu unanichoma, basi najikaza nisikohoe."

Kwenye chati, maumivu yalikuwa yameandikwa 2 kwa 10. Namba hiyo haikuwa ya uongo. Mzee aliulizwa akiwa amelala kimya, na kweli akiwa kimya hakuumia sana. Tukamwomba akadirie maumivu pale anapokohoa, akasema 7. Tukamwomba akohoe tumwone. Alikuwa amelala karibu chali, akaweka kiganja kwenye mbavu za kulia, akatoa kikohozi kifupi cha kooni ambacho hakikusogeza kitu. Stetoskopu ilitoa sauti za majimaji yanayochemka sehemu ya chini ya pafu la kulia. Makohozi machache aliyotoa yalikuwa mazito, ya njano. Midomo ilikuwa imekauka, mkojo wake ulikuwa wa rangi iliyokolea, na jagi la maji kando ya kitanda lilikuwa bado limejaa. Alisema chakula kinamshinda baada ya vijiko vichache, na usiku hakupata usingizi.

Hatua inayofuata ndiyo wanafunzi wengi huiruka. Wanatoka kwenye orodha ya taarifa moja kwa moja hadi kwenye jina la tatizo, bila kukaa chini na kuuliza taarifa zipi zinakaa pamoja. Mimi huwataka wachukue karatasi tupu, waandike kila walichoona na kusikia, kisha wazungushie kwa rangi moja vile vinavyoelekea kuwa na chanzo kimoja. Kwa mzee huyu, makohozi mazito, kikohozi hafifu, maumivu 7 anapokohoa, kulala chali, jagi lililojaa na sauti za kifuani vilikaa pamoja. Oksijeni 89 bila mrija, upumuaji 28 na mapigo ya haraka vikafanya kundi la pili. Kuchoka na kuhema baada ya kwenda chooni likawa la tatu. Kula vijiko vichache na kukosa usingizi tuliviweka pembeni kwanza. Tulijua vingeweza kubadilika kifua kikianza kufunguka, na mpango wa mwanafunzi anayeanza ukibeba matatizo kumi haubebi hata moja ipasavyo.

Sasa tukarudi kwenye ile sentensi ya tatizo. Kwa tatizo ambalo tayari lipo, sentensi huwa na sehemu tatu: tatizo lenyewe, sababu yake, na ushahidi uliouona. Majina ya matatizo hatuyabuni. Shule nyingi hutumia orodha ya NANDA, iliyoanzia kwenye mkutano wa wauguzi uliofanyika Marekani mwaka 1973, na mwanafunzi achague jina kutoka kwenye orodha inayotumiwa na shule yake. Jina la tatizo alilochagua mwanafunzi wangu lilikuwa sahihi. Kilichokuwa kinaukwamisha mpango ni sehemu ya pili. Nimonia ni utambuzi wa daktari, na ukiiandika kama sababu umeikabidhi kazi yote kwa dawa. Sababu inayofaa ni ile ambayo mikono ya muuguzi inaweza kuibadilisha ndani ya zamu. Tukaiandika upya:

Kushindwa kusafisha njia ya hewa kutokana na makohozi mazito na maumivu ya ubavu yanayomzuia kukohoa, kunakothibitishwa na kikohozi hafifu, sauti za majimaji chini ya pafu la kulia, upumuaji wa 28 kwa dakika, na kauli ya mgonjwa kwamba anajikaza asikohoe.

Ukiitazama sentensi hiyo kwa makini, mpango mzima umo ndani yake. Sehemu ya sababu inakuambia ufanye nini: lainisha makohozi, punguza maumivu wakati wa kukohoa. Sehemu ya ushahidi inakuambia utajuaje kwamba umefaulu: kikohozi kiwe na nguvu, upumuaji ushuke, mzee aache kujikaza. Kwa maneno mengine, hatua zinatoka kwenye sababu, na malengo yanatoka kwenye ushahidi. Mwanafunzi akilishika hilo, hana haja ya kukariri mipango ya mfano. Na mimi nikisahihisha natumia njia hiyo hiyo kinyumenyume. Nachukua kila hatua aliyoandika na kuuliza inagusa sababu ipi. Isiyogusa yoyote, ama haina kazi hapo, ama kuna sababu iliyosahaulika kuandikwa.

Kwenye kupanga kipaumbele wengi hufuata kanuni ya njia ya hewa kwanza, kisha upumuaji, kisha mzunguko wa damu. Ni kanuni nzuri na ninaitumia kila siku. Kwa mzee wetu, kusafisha njia ya hewa kulishika nafasi ya kwanza, ubadilishanaji hafifu wa gesi nafasi ya pili, na kushindwa kuhimili shughuli nafasi ya tatu. Mwanafunzi aliuliza kwa nini oksijeni iliyoshuka isiwe ya kwanza, maana ndiyo iliyotutisha. Swali lake lilikuwa la haki. Oksijeni tulimpa mara moja, bila kusubiri mpango. Lakini mrija wa oksijeni hauondoi makohozi. Hewa inashindwa kubadilishana vizuri kwa sababu sehemu ya pafu imejaa, na katika kilichojaza humo, makohozi ndiyo kitu ambacho muuguzi anaweza kusaidia yatoke. Tatizo la kwanza lilikuwa linalilisha la pili.

Aliuliza pia kuhusu maumivu, ambayo alikuwa ameyaweka mwisho kabisa kama tatizo linalojitegemea. Kwa mgonjwa mwingine yangeweza kukaa huko. Kwa huyu maumivu ndiyo yaliyofunga mlango wa kikohozi, kwa hiyo tukayaingiza ndani ya sababu ya tatizo la kwanza na kuyapa uzito wake. Kanuni ya kipaumbele inakuonyesha pa kuanzia kutazama. Bado lazima uulize tatizo gani linashikilia jingine.

Malengo yana mitego miwili. Mtego wa kwanza ni kuandika kazi ya muuguzi na kuiita lengo. "Kumpa mgonjwa oksijeni" si lengo, ni hatua. Lengo linamhusu mgonjwa: atafanya nini, au mwili wake utaonyesha nini, na lini. Mtego wa pili ni vitenzi visivyopimika kama ataelewa, atajisikia vizuri, atapata nafuu. Tulikubaliana na lengo la zamu moja: ndani ya saa 8 mzee atakohoa na kutoa makohozi mwenyewe akiwa ameketi, maumivu anapokohoa yakiwa hayazidi 3 kwa 10, na upumuaji wake uwe 24 au chini ya hapo. Kisha lengo la siku 3: kiwango cha oksijeni kibaki 94 au zaidi bila mrija akiwa amepumzika.

Mwanafunzi alitaka kuongeza kwamba ndani ya saa 24 sauti za kifuani ziwe zimeisha. Nilimzuia. Nimonia ikianza kupona, sauti hizo zinaweza kubaki kwa siku kadhaa huku mgonjwa anaendelea vizuri, na ukijiwekea lengo hilo utaandika "halikufikiwa" dhidi ya mtu ambaye kwa kweli anapata nafuu. Vilevile, asilimia 94 si ya kila mtu. Mgonjwa mwenye ugonjwa sugu wa mapafu anayeelekea kulimbikiza hewa ukaa huwekewa kiwango cha chini zaidi, mara nyingi kati ya 88 na 92, na oksijeni nyingi kupita kiasi inaweza kumdhuru. Ndiyo maana kabla ya kuandika namba tulirudi kwenye faili kutazama historia yake. Hakuwa na ugonjwa huo, wala wa moyo, wala wa figo.

Hilo la moyo na figo lilikuwa na maana kwenye hatua. Makohozi hulainika mwili ukiwa na maji ya kutosha, na kwa mzee huyu tulilenga kati ya lita 2 na 2.5 kwa siku, baada ya kuthibitisha na daktari. Kwa mwenye moyo au figo dhaifu kiasi hicho kingeweza kumjaza maji mwilini, kwa hiyo mwanafunzi asinakili tu kwamba "ahimizwe kunywa maji mengi".

Hatua zikiandikwa, zisomeke na mtu wa zamu ya usiku ambaye hamjui mgonjwa, na aweze kuzifanya bila kukupigia simu. "Kumfuatilia mgonjwa" haimwambii chochote. Tuliandika hivi: kitanda kiinuliwe nyuzi 45 na zaidi, mgongo uegemezwe kwa mto asiteleze, dawa ya maumivu ya kumeza aliyoandikiwa itolewe kama dakika 30 kabla ya zoezi la kukohoa, iwe imeanza kufanya kazi, zoezi lifanyike kila baada ya saa 2 akiwa macho, kabla ya chakula, si mara tu baada ya kula, asije akatapika. Zoezi lenyewe tuliliandika lilivyo. Mzee aketi, akumbatie mto ulioshikizwa kwenye ubavu unaouma, avute pumzi polepole kwa pua, aishikilie kwa sekunde 3 hivi, kisha akohoe mara mbili mfululizo kwa nguvu ya tumbo. Kila baada ya zoezi iandikwe rangi, uzito na kiasi cha makohozi. Upumuaji, mapigo na oksijeni vipimwe kila baada ya saa 4, na kila kipimo cha oksijeni kionyeshe kama alikuwa na mrija au la, na lita ngapi, maana 94 ya mwenye mrija na 94 ya asiye nao ni hali mbili tofauti kabisa.

Kando ya kila hatua mwanafunzi aliandika sababu ya kuifanya kwa mstari mmoja. Wengine huona ni kazi ya ziada ya darasani. Mimi huishikilia kwa sababu moja: anayejua kwamba mto unapunguza kutikisika kwa mbavu zinazouma hatakwama mto ukikosekana. Atakunja blanketi, au atamwonyesha mzee kujikandamiza kwa mikono yake miwili.

Mara ya kwanza mzee alipokohoa akiwa ameketi na mto kifuani, alifumba macho kabla, akitegemea kuchomwa. Kikohozi kilitoka kizito, kutoka chini, na makohozi yakatoka mengi kuliko tuliyoona tangu asubuhi. Akatazama bakuli, akamtazama mwanafunzi, akasema, "Kumbe yanatoka." Akaomba kupumzika kidogo kisha arudie.

Mwisho wa zamu tukakaa kwenye tathmini. Hapa mwanafunzi anayeanza huandika "mgonjwa anaendelea vizuri" na kufunga. Nilimtaka arudi kwenye lengo na kulipima kipande kwa kipande. Kukohoa na kutoa makohozi akiwa ameketi: amefikia. Maumivu anapokohoa: 3, amefikia. Upumuaji: 26, ilhali lengo lilikuwa 24. Makohozi: yanatoka, lakini bado mazito. Kwa hiyo lengo limefikiwa kwa sehemu, na swali linalofuata ni sehemu gani ya mpango haikushika.

Jibu lilikuwa kwenye karatasi ya maji yanayoingia na kutoka. Kwa saa 8 mzee alikuwa amekunywa mililita 400 tu. Mwanafunzi alikuwa amemhimiza, jagi lilikuwa karibu, kikombe kilikuwa safi. Angeweza kuandika kwamba mgonjwa hataki kunywa maji, na mpango ungeishia hapo. Badala yake akaenda kumuuliza.

"Mzee, maji hayapandi?"

"Yanapanda binti. Ila nikinywa nitataka kwenda chooni, na nikienda chooni roho inataka kutoka. Bora kiu."

Ndipo tukauelewa ule mrija tulioukuta juu ya mto asubuhi. Kila safari ya chooni alikuwa akiuvua mrija wa oksijeni, anatembea, anarudi akihema, kisha anakaa mbali na maji ili asirudie safari hiyo. Tatizo tuliloliweka la tatu, kushindwa kuhimili shughuli, lilikuwa linaurudisha nyuma mpango wa tatizo la kwanza. Na kulikuwa na hatari ambayo hatukuwa tumeiandika kabisa: mtu wa miaka 68, mchovu, anayetembea usiku bila oksijeni kuelekea chooni, anaweza kuanguka.

Tukarekebisha. Kwenye sababu ya tatizo la kwanza tukaongeza kwamba anakunywa maji kidogo kwa kuogopa kuhema akienda chooni. Sababu mpya ikaleta hatua mpya: chupa ya mkojo iwekwe upande anaoufikia kwa mkono, pazia lifungwe apate faragha, akihitaji haja kubwa apelekwe kwa kiti cha magurudumu akiwa na mtungi wa oksijeni, na muuguzi awe naye, na apewe maji mililita 150 kila saa akiwa macho badala ya kuachiwa jagi. Hatari ya kuanguka ikaandikwa kama tatizo la nne. Hiyo ina sehemu mbili tu, hatari na vinavyoisababisha, kwa kuwa jambo lenyewe halijatokea na hakuna ushahidi wa kuandika. Kengele ya kuita ikafungwa karibu na mkono wake, na hilo nalo likaandikwa kwenye ripoti ya kukabidhi zamu.

Asubuhi iliyofuata karatasi ilionyesha kwamba tangu tubadilishe mpango alikuwa amekunywa lita 1.2. Makohozi yalikuwa mepesi zaidi na yalikuwa yamepungua unjano, upumuaji ulikuwa 22, na oksijeni ilikuwa 96 akiwa na mrija wa lita 2. Mwanafunzi alikuwa amefika kabla yangu, na tayari alikuwa ameandika lengo la siku hiyo: kwa agizo la daktari, kupunguza oksijeni hadi lita 1 na kupima baada ya dakika 30, mzee akiwa ameketi, kisha tena baada ya kutembea hatua chache kando ya kitanda.